Sentimita Sitini na Tatu

Pale ofisi ya maji walimwita Bi Milimita, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, mrefu, miwani yake imefungwa uzi upande wa kushoto, na kazi yake ilikuwa kukadiria maji ambayo bado hayajaja. Wenzake walishughulika na maji yanayoonekana: ya bomba, ya kisima, ya mita iliyokwama. Yeye aliuliza jambo moja tu, tena lisilompendeza mtu: siku itakaposhuka mvua kubwa kupita zote, mtoni patapita kiasi gani? Mwenye swali kama hilo haalikwi sana harusini.

Aliishi peke yake katika vyumba viwili nyuma ya ofisi. Kitanda, meza, redio, birika la kikombe kimoja na nusu. Hiyo nusu alikuwa anaimwaga kila asubuhi, kwa sababu birika dogo zaidi ya hilo halikupatikana dukani. Mume hakuwahi kuwa naye. Ujana wake ulikwisha akimlea mdogo wake, ambaye mama yao alimwacha akiwa na miaka tisa. Alimsomesha, akamwoza, akabaki na ukimya. Kila Jumapili alasiri mdogo wake humpigia simu, wanazungumza nusu saa, na wiki nzima iliyobaki hakuna anayemwita "Dada". Simu hiyo ilikuwa jamaa yake yote.

Basi faili la bwawa likarudi mezani kwake. Lilikuwa bwawa dogo la tuta la udongo, huko huko alikoolewa mdogo wake. Makadirio ya mafuriko aliyafanya yeye mwenyewe miaka minne nyuma, kisha mradi ukalala. Sasa umeamka, na wakubwa wana haraka. Mhandisi wa ujenzi, kijana wanayemwita Rula kwa sababu haachani na rula yake hata wakati wa chakula, alimwekea karatasi ya mwisho.

"Ni saini tu, mama," alisema. "Namba ni zako mwenyewe."

"Namba zangu ndizo ninazoziogopa zaidi," alisema Bi Milimita. "Kesho twende tukapaone."

Walikwenda. Mahali pa bwawa palikuwa vilevile, vilima viwili na kijito chembamba katikati. Upande wa kulia palikuwa na mwamba ambako ungechongwa utoro wa maji, ile njia ya pembeni ambayo maji ya ziada hutokea bila kulipanda tuta. Tuta la udongo linavumilia mengi, lakini halivumilii maji kupita juu ya mgongo wake. Yakipita saa moja tu, hukata mfereji, mfereji hukata tuta, na ziwa zima hushuka kwa mkupuo.

Kilichobadilika kilikuwa chini. Miaka minne nyuma kulikuwa na mashamba na banda moja la mashine ya kusaga. Sasa Bi Milimita alihesabu nyumba arobaini na saba, duka, na mahali pa kufulia. Watu walisikia bwawa linakuja, wakawahi viwanja. Bwawa lenyewe ndilo lililowaita wakae pale ambapo lingewaua.

"Tulisanifu kwa mafuriko ya miaka mia," alisema Rula, akizitazama zile nyumba. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Kwa sababu chini kulikuwa na mahindi. Mahindi hayana watoto."

Alirudi ofisini akafungua hesabu zake upya. Mtoni hapakuwahi kuwa na kipimo cha maji hata siku moja, kwa hiyo njia iliyobaki ilikuwa kuanzia kwenye mvua. Unachukua ardhi yote inayomwaga maji yake bwawani, hapa kilomita za mraba kumi na mbili. Unakadiria maji ya pembe ya mbali yanachukua muda gani kufika, hapa saa moja na robo, kwa kuwa mvua ya muda huo ndiyo inayokusanya eneo zima kwa pamoja. Unaamua sehemu gani ya mvua itateremka na gani itanywewa na udongo. Kwa vilima vile alikuwa ameweka thelathini na tano kwa mia. Ukizidisha, unapata mita za ujazo kwa sekunde. Miaka minne nyuma alipata hamsini na moja. Utoro wa upana wa mita ishirini na tatu uliweza kupitisha hayo kwa kina cha mita moja na sentimita ishirini juu ya kizingiti, ule ukingo ambao ziwa likiufikia maji huanza kutoka, na juu yake zikabaki sentimita hamsini za akiba kabla ya mgongo wa tuta, kwa ajili ya mawimbi na makosa ya wanadamu. Kutoka kizingiti hadi mgongo wa tuta, jumla mita moja na sentimita sabini.

Hesabu yote hiyo ilisimama juu ya daftari moja la mvua, la shule iliyo juu ya bonde, miaka thelathini na mmoja bila siku hata moja kuachwa wazi. Enzi zile alifurahi mno kulipata. Daftari kamili namna ile ni kama kuokota dhahabu njiani, na mtu aliyeokota dhahabu hachunguzi sana. Safari hii alichunguza. Aliiandika mvua kubwa ya kila mwaka, akaipanga kuanzia ndogo hadi kubwa. Arobaini na moja, arobaini na nne, hamsini na mbili, zikapanda vizuri. Halafu zikafika sabini na tano zikasimama. Miaka tisa, mvua kubwa ya mwaka ni milimita sabini na tano, kama watu tisa warefu waliogonga kichwa kwenye dari moja.

Alikaa akiitazama safu ile mpaka chai ikapoa. Mvua haina dari. Chombo ndicho chenye dari. Akahisi aibu, kwa sababu namba hizo tisa zilikuwepo mbele ya macho yake miaka minne iliyopita, na yeye ndiye aliyezipitisha.

Msoma kipimo alikuwa mlinzi mstaafu wa shule ile, sasa mzee mjane, sikio moja limeziba. Kipimo kilikuwa bado uani kwake kwa sababu hakuna aliyekuja kukichukua, naye aliendelea kukisoma kila saa tatu asubuhi, mwaka wa tano huo bila malipo wala wa kumpelekea karatasi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka ofisi ya maji? Nilijua mtakuja. Miaka yote nilijua kuna mtu anasoma."

Hilo peke yake lilimchoma. Akamwomba amwonyeshe anavyofanya, na mzee akaonyesha kwa fahari ya fundi. Juu kuna mdomo wa kupokelea mvua, ndani chupa, nje kopo kubwa la bati linaloibeba chupa. Unaitoa chupa, unamimina kwenye glasi yenye mistari, unasoma usawa wa jicho, unaandika.

"Na mvua ikiwa kubwa sana, chupa ikajaa?"

"Inajaa sabini na tano. Naandika sabini na tano."

"Na maji yaliyo kwenye kopo?"

Mzee alimtazama kwa huruma kidogo, kama anayefundisha mtoto. "Hayo yamefurika, mwanangu. Hayo si ya kipimo tena. Nilikuwa nawapa kuku. Kuna siku kopo lilikuwa limejaa nusu na zaidi, kuku wakanywa siku tatu."

Kopo lilikuwepo kwa ajili hiyo hiyo, kuyakinga maji ya mvua kubwa ili nayo yapimwe. Pengine hakuna aliyewahi kumwambia, au aliyemwambia alinong'ona upande wa sikio bovu. Miaka thelathini na sita mtu huyu aliamka, akavaa viatu, akasoma, hata siku aliyomzika mkewe alisoma kwanza. Na mvua zote kubwa za bonde lile zilikuwa zimeingia matumboni mwa kuku.

"Nilifanya vizuri?" aliuliza mzee.

"Hukukosa hata siku moja, baba. Sijawahi kuona daftari kama lako. Kuanzia sasa, ya kopo nayo tunayataka. Utaratibu umebadilika."

"Ah, mnabadilika sana nyinyi," alisema mzee, lakini aliridhika. Bi Milimita alitoka pale na uongo mdogo ambao hakuujutia.

Maji waliyokunywa kuku hayarudi, kwa hiyo ilibidi atafute ushahidi mwingine. Banda la mashine ya kusaga lilikuwa na mstari wa tope ukutani, na mama mwenye banda alikumbuka mwaka: ndio uleule aliojifungua mwanawe wa kwanza, na mwana huyo sasa ana watoto wake. Daftari la mzee lilisema sabini na tano kwa mwaka huo. Bi Milimita na Rula walivuta kamba, wakapima upana na kina cha mto hadi kwenye mstari ule, wakapima mteremko wake, wakakadiria ukali wa mawe yanayoyapunguza maji mwendo. Ikatoka themanini na nne kwa sekunde. Siku moja, katika uhai wa mama yule, mto ule ulishapitisha themanini na nne, na wao walitaka kujenga kwa hamsini na moja wakaita ni ya miaka mia.

Alichukua na daftari za vituo viwili vya jirani, kimoja cha shamba kubwa lililouzwa na kuacha pengo la miaka minne, kingine cha karibu lakini kifupi. Ile miaka tisa ya dari hakuitupa, wala hakuiamini. Aliichukulia kuwa ni sabini na tano au zaidi, bila kujua zaidi kiasi gani. Mvua ya siku moja ya miaka mia ilitoka milimita mia na arobaini na tano, badala ya tisini na tano ya zamani. Aliandika wazi chini yake kwamba huenda ni mia na ishirini na huenda ni mia sabini na tano. Mafuriko yake yalikuwa sabini na nane.

Halafu ikaja ile sehemu ambayo hesabu haikusaidii, unaachwa peke yako na dhamiri. Mafuriko ya miaka mia si mgeni anayebisha hodi mara moja kila miaka mia. Ni bahati nasibu inayochezwa kila mwaka, nafasi moja katika mia, na bwawa likiishi miaka hamsini, nafasi ya kuyaona ni karibu nne katika kumi. Kwa mahindi, sawa. Kwa nyumba arobaini na saba, mkono wake ulikataa. Ya miaka mia tano hupunguza nafasi hiyo hadi chini ya moja katika kumi. Aliyakadiria: tisini na saba kwa sekunde. Katika utoro uleule yangepanda mita moja na sentimita themanini na tatu, na tuta linaishia moja na sabini.

Kupanua utoro kulishindikana. Upande mmoja mwamba mgumu, upande mwingine tuta lenyewe. Kupandisha tuta kulishindikana pia, kwa kuwa bega la kilima cha kushoto ni la chini na maji yangezungukia huko. Kubaki na akiba ya nusu mita kulidai jambo moja tu: kushusha kizingiti sentimita sitini na tatu, ziwa lijae chini zaidi. Inaonekana kidogo, urefu wa kitoto kichanga na ushee. Lakini ziwa ni pana juu kuliko chini, na sentimita hizo za juu zilishika robo ya maji yote. Tena, kati ya mifereji mitatu ya kugawa maji ya bwawa, mdomo wa mfereji wa tatu, ulio juu kuliko yote, ungebaki mkavu.

Mfereji wa tatu ulikuwa wa akina mdogo wake.

Alimwambia kabla ya kikao, uso kwa uso, jikoni kwa mdogo wake. Hakutaka ayasikie mbele za watu. Mdogo wake alikuwa anapepeta maharage, na ungo haukusimama.

"Kwa hiyo sisi ndio tunakatwa."

"Ndiyo."

"Wale wa chini wamekuja juzi, Dada. Sisi tumebeba ndoo miaka kumi na nane. Tuta lile nimelibebea mawe ya sampuli kwa mikono hii, walipokuja kupima."

"Najua."

"Ile ya kwanza uliandika wewe. Mbona ilikuwa sawa?"

"Haikuwa sawa. Nilikosea."

Mdogo wake aliweka ungo chini. "Ungekosea mara ya pili basi, kwa ajili yangu. Sijawahi kukuomba kitu tangu uniozeshe." Macho yake yalijaa, akageuka kwenye moto. Bi Milimita alitaka kumkumbatia kama alivyokuwa akifanya mdogo wake akiwa na miaka tisa, akaona mgongo ule haumtaki, akachukua mkoba wake akaondoka.

Kikao kilifanyika darasani. Mwenyekiti wa kamati ya bwawa alisikiliza hadi mwisho, kisha akashusha pumzi. "Robo ya bwawa, kwa sababu ya kuku wa mzee?"

"Kwa sababu ya nyumba arobaini na saba," alisema Bi Milimita. "Kuku wametufichia ukweli tu."

"Zihamishwe."

"Siku nyumba zitakapohamishwa, niiteni. Leo zipo, na leo ndiyo natakiwa kutia saini."

Mjumbe wa mfereji wa tatu akasimama. Alikuwa mdogo wake. Hakusema Dada.

"Mtaalamu, hiyo mvua ya miaka mia tano, wewe umeiona?"

"Hapana."

"Mimi kiangazi nakiona kila mwaka," alisema, akakaa.

Watu walinung'unika kukubaliana naye, na walikuwa na haki. Bi Milimita alisema kwamba namba yake inaweza kuwa kubwa mno au ndogo mno, kwamba daftari zina mapengo asiyoweza kuyaziba, na kwamba penye giza na watu wamelala chini ya tuta, yeye hukosea upande wa maji mengi. Rula, ambaye hakuulizwa, alisema, "Nimezirudia hesabu mara tatu. Ni hivyo." Mwenyekiti akaahidi mashine ya kuvutia maji kwa mfereji wa tatu, na kila aliyekuwepo alijua ahadi za namna hiyo huishia kwenye muhtasari wa kikao. Bi Milimita akatia saini kwenye tisini na saba.

Jumapili ile simu haikulia. Wala iliyofuata. Alipopiga yeye, alipokea shemeji, mwenye adabu zake, akasema mdogo mtu yuko shambani. Alikuwa shambani miezi kumi na minne. Bwawa likajengwa, likajaa hadi pale lilipotakiwa, mifereji miwili ikatiririka. Wa tatu ukawa njia ya mbuzi. Bi Milimita hakuhudhuria ufunguzi, alisema ana mafua.

Mwaka wa pili, asubuhi moja, mzee wa kipimo akapiga simu ofisini kwa sauti ya mtu mwenye sikio moja. "Mia na thelathini na moja, mwanangu. Pamoja na ya kopo."

Alikwenda na Rula. Kwenye nguzo ya vipimo pembeni mwa utoro tope lilikuwa limeacha mstari: mita moja na sentimita arobaini na nane juu ya kizingiti. Chini ya tuta nyumba zote zilikuwa na milango wazi, wanawake wanaanika nguo. Hakuna aliyejua kitu. Rula aliruka kama mtoto. "Mama, umeona? Wangekwisha hawa!"

Bi Milimita hakuruka. Alikwishatoa kichwani: moja na sabini ya mchoro wa kwanza, kasoro moja na arobaini na nane. Ishirini na mbili.

Mchana ule simu yake ilitetemeka mfukoni. Jina kwenye kioo lilimfanya aketi kwenye jiwe.

"Dada." Sauti ilikuwa ngumu kidogo, imekosa mazoezi. "Wanasema huku maji yalipita utoroni yakinguruma. Wanasema wewe ndiye uliyetuokoa. Hata mwenyekiti ameanza kusema hivyo. Nataka unijibu wewe. Kama wangejenga ule utoro wa kwanza, wenye maji yetu. Jana ungetosha?"

Miezi kumi na minne alikuwa ameingoja sauti hii. Neno moja lingemrudishia Jumapili zake zote, na hakuna mtu duniani angeweza kulikagua, isipokuwa Rula, na Rula angefurahi kulisema. Aliutazama mstari wa tope.

"Ungetosha," alisema. "Jana ungetosha. Ingebaki shubiri moja."

Alimsikia mdogo wake akivuta pumzi, ndoo ikiwekwa chini, na mahali fulani nyuma yake mbuzi.

"Sawa," alisema mdogo wake. "Nilitaka kujua tu."

Simu ikakatika. Bi Milimita akatoa kalamu, akaandika daftarini tarehe, mvua ya chupa na ya kopo, na kina cha maji utoroni.